Duma kwenye hewa inayochemka: uchambuzi wa kisa cha kutuliza klipu ya lenzi ndefu

Usuli

Klipu yenyewe ni ya sekunde 38. Inaonyesha duma jike ameketi juu ya kichuguu, watoto wake wanne wakizunguka chini, katika nyanda za nyasi za hifadhi moja kaskazini mwa Tanzania. Majina ya hifadhi, ya timu na ya shirika lililoagiza kazi nimeyaondoa. Vipimo nimeviacha, kwa sababu bila vipimo kisa hiki hakimfundishi mtu kitu.

Timu ilikuwa na watu watatu: mpiga picha, dereva ambaye ndiye mwongozaji, na mhariri aliyekuwa akipokea kazi mjini. Shirika lilitaka filamu fupi kuhusu familia za duma. Lilitaka pia kitu cha pili, na hicho ndicho kilichokuja kuamua mambo mengi baadaye: watafiti wake humtambua kila duma kwa mpangilio wa madoa na pete za mkiani, kwa hiyo kila picha nzuri ya ubavu au ya uso huingia kwenye kumbukumbu zao. Mimi niliitwa mhariri alipokwama.

Gari haliruhusiwi kutoka barabarani katika eneo lile, na kichuguu kilikuwa mita 300 hivi kutoka njiani. Lenzi ilikuwa ya milimita 600 yenye f/4, kamera ikiwa imewekwa itumie sehemu ya kati tu ya kihisi ili mnyama aonekane mkubwa zaidi. Kwa mpangilio huo, pikseli moja ya picha ya 4K ilifunika karibu milimita 3 pale alipokuwa duma. Duma aliyeketi alipata kimo cha pikseli 270 hivi, na doa moja la ngozi yake likawa na upana wa pikseli 7 hadi 10. Hesabu hizo zinatosha kumtambua mnyama, mradi hewa iliyo katikati itulie.

Hewa haikutulia. Ilikuwa saa saba mchana, anga haina wingu, nyasi fupi zimekauka na udongo mweusi unaonekana kati yake. Udongo wa namna hiyo juani unaweza kupita nyuzi 50, huku hewa ya usawa wa kichwa ikiwa karibu nyuzi 30. Mabonge ya hewa moto hupanda, yakachanganyika na hewa ya ubaridi kidogo, na kila bonge huupinda mwanga kwa kiasi chake. Tofauti ya nyuzi 1 hubadilisha nguvu ya hewa ya kupinda mwanga kwa takriban sehemu moja katika milioni. Ni kidogo sana, lakini mwanga ulipita katikati ya mabonge hayo mita 300 mfululizo, na lenzi ya milimita 600 hukuza hata upindaji mdogo hadi uonekane.

Kilichotokea uwanjani

Dereva alishauri wasubiri. "Kaka, saa hizi hapa chini panachemka. Tukae mpaka saa kumi na moja, jua likishalala picha itatulia yenyewe." Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Muda wa saa moja hivi baada ya jua kuchomoza, na tena saa moja hivi kabla ya kuzama, joto la ardhi na la hewa hukaribiana, na msukosuko hushuka sana. Mpiga picha aliamua kupiga hata hivyo, na naiona sababu yake kuwa nzuri: duma mwenye watoto hakai kichuguuni kwa muda wa saa nne akisubiri mwanga. Kweli, baada ya nusu saa familia ile ilishuka ikapotea kwenye nyasi.

Alianza kupiga kutoka dirishani, lenzi ikiwa imelala juu ya mto uliojazwa mchele. Picha ilicheza mno. Injini ilikuwa imezimwa, lakini gari lilikuwa limekaa juani, na hewa moto ya ndani ilikuwa ikitoka kupitia dirisha lilelile, mbele ya kioo cha lenzi. Akafungua milango ya upande wa pili ili hewa ya ndani na ya nje zilingane, kisha akapanda na kupigia juu ya paa linalofunguka. Lenzi ikatoka mita 1.6 hivi juu ya ardhi hadi mita 2.6.

Mita hiyo moja ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mchana wa jua kali, nguvu ya msukosuko wa hewa hushuka kwa kasi kadiri unavyopanda kutoka ardhini, na kutoka mita 1.6 hadi 2.6 hupungua hadi karibu nusu. Hewa iliyo karibu na kamera ndiyo inayoharibu zaidi kwa upande wa picha kuyumba, kwa hiyo kuinua kamera kunasaidia hata kama mnyama amebaki chini palepale. Klipu ya dirishani haikufaa kwa lolote. Ile ya sekunde 38, iliyopigwa kutoka paani, ndiyo iliyofika kwa mhariri.

Jambo moja halikubadilishwa. Kamera ilikuwa ikipiga fremu 50 kwa sekunde, shata ikiwa 1/100, kwa kanuni ya kawaida inayofanya mwendo uonekane laini. Nitalirudia hilo, maana lilipunguza kile tulichoweza kuokoa.

Majaribio mawili yaliyoshindwa

Mhariri alianza na kile ambacho kila mhariri hukikimbilia, yaani kitulizaji kilichomo kwenye programu yake ya uhariri. Kitulizaji cha aina hiyo kimetengenezwa kwa ajili ya kamera inayotikisika. Hutafuta mwendo mmoja unaoelezea picha nzima, kisha huuondoa. Hapa kamera ilikuwa imetulia. Kilichocheza ni vipande vya picha, kila kimoja kwa njia yake: sikio likienda kushoto wakati bega linaenda kulia na kichuguu kinapanda. Programu ilikosa mwendo wa pamoja wa kushika, ikashika mabonge ya hewa moja baada ya jingine, na fremu nzima ikaanza kuyumba taratibu. Picha ikawa mbaya kuliko ilivyopigwa. Chaguo la programu hiyo la kukunja vipande vya picha halikusaidia pia, kwa sababu linakunja kwa gridi pana sana kulinganisha na mabonge ya hewa. Hapa vipande vilivyosogea pamoja vilikuwa na upana wa pikseli 30 hadi 50 tu.

Jaribio la pili lilikaribia ukweli zaidi. Mhariri alisoma kwamba msogeo wa hewa ni wa kwenda na kurudi, kwamba kila nukta huzunguka mahali pake halisi, kwa hiyo ukichanganya fremu nyingi utapata mahali hapo. Akatumia kichujio kinachochukua, kwa kila pikseli, thamani inayobaki katikati ukizipanga thamani za fremu jirani kutoka ndogo hadi kubwa:

```
ffmpeg -i klipu.mov -vf "tmedian=radius=12" -c:v prores_ks -profile:v 3 jaribio.mov
```

Namba 12 ina maana fremu 12 nyuma na 12 mbele, jumla 25, yaani nusu sekunde. Kichuguu kilitulia. Mgunga uliokuwa nyuma ukasimama wima. Lakini duma aliharibika. Sikio lililopigwa kufukuza nzi, mwendo wa sehemu ndogo ya sekunde, halikuonekana kabisa, kwa sababu kwenye fremu nyingi kati ya zile 25 sikio lilikuwa limetulia na kichujio kikafuata walio wengi. Mtoto mmoja aliyepita mbele ya mama yake alibaki kivuli chenye miguu isiyokamilika. Madoa nayo yalipakana, kwa kuwa kila doa lilikuwa linachanganywa na nakala zake zilizosogea pikseli kadhaa huku na huku.

Kosa la njia hii ni moja: inachanganya rangi za pikseli kabla ya kurudisha kila kitu mahali pake. Wazo la wastani wa mahali ni sahihi, ila wastani huo unatakiwa utafutwe kwenye misogeo. Rangi zinafuata baadaye.

Uchunguzi kabla ya matibabu

Hapo ndipo nilipoingia, na kabla ya kuandika amri yoyote tulikaa na klipu fremu kwa fremu. Joto huharibu picha kwa njia mbili, na ni moja tu inayotibika vizuri. Mabonge makubwa ya hewa husogeza vipande vya picha bila kuvififisha. Mabonge madogo, yaliyo membamba kuliko kioo cha mbele cha lenzi, hufifisha picha ndani ya fremu yenyewe. Kutuliza kunaondoa msogeo. Kilichofifia kwenye kila fremu hakirudi kwa kutulizwa.

Kipimo chetu kilikuwa rahisi. Tulichagua doa moja kwenye bega la duma, tukasogea fremu moja moja kwa fremu 50, tukiuliza kila mara: je, mpaka wa doa unaonekana? Katika sehemu ya katikati ya klipu, jibu lilikuwa ndiyo kwa fremu nyingi, ingawa doa lenyewe lilikuwa limehama. Katika sekunde za mwisho, familia iliposhuka kichuguuni na kutembea juu ya ardhi tupu, jibu lilikuwa hapana kwa karibu kila fremu. Kulikuwa na tatizo jingine hapo: miguu ya chini iligeuka kioo cha maji yasiyokuwepo. Hayo ni mazigazi, na hayatokani na hewa kuyumba bali na tabaka la kudumu la hewa moto juu ya ardhi. Wastani wa picha iliyopinda daima upande mmoja unabaki umepinda. Tukaziacha sekunde hizo siku ileile, na nadhani huo ndio uamuzi uliookoa muda mwingi kuliko mwingine wowote.

Kipimo cha pili kilitupa ukubwa wa tatizo. Chukua mstari mmoja wa pikseli unaokata shina la mgunga, uuchukue kwenye kila fremu, kisha upange mistari hiyo mmoja chini ya mwingine. Unapata picha ambayo wima wake ni muda. Shina lililotulia litachora mstari ulionyooka, na linalocheza litachora mstari wenye meno. Meno yetu yalikuwa na upana wa pikseli 3 hadi 4 kila upande, na jino moja lilichukua fremu mbili au tatu kabla ya kugeuka.

Hilo la fremu mbili au tatu linahitaji kueleweka vizuri. Bonge la hewa huchukua muda kuvuka mbele ya lenzi: kioo chenye upana wa sentimita 15 na upepo wa mita 3 kwa sekunde ni sekunde 0.05. Kwa fremu 50 kwa sekunde, fremu mbili au tatu zinazofuatana zimeona karibu hewa ileile, na kuzihesabu kama ushahidi tofauti ni kujidanganya. Fremu 25 za jaribio la pili zilikuwa na ushahidi wa fremu kumi hivi tu. Msogeo unaobaki hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo: kumi hushusha pikseli 4 hadi zaidi kidogo ya 1, na arubaini hushusha hadi 0.6.

Tena kile kinachobaki hakibaki kwa kasi yake ya mwanzo. Kundi fupi la fremu huondoa mtetemo wa haraka na kuacha mawimbi ya polepole, na jicho huyaona hayo kuliko mtetemo wenyewe. Picha huonekana kama kitu kilichozama kwenye maji matulivu. Mtu akiona hali hiyo baada ya kutuliza, ajue kundi lake la fremu ni fupi.

Uamuzi na sababu zake

Tuliamua mambo matatu, na yote yalitokana na uchunguzi huo.

La kwanza lilihusu uaminifu wa picha. Kuna programu zinazochora upya maelezo yaliyopotea kwa kukisia. Tulikataa kuzitumia kwa duma huyu, kwa sababu doa lililokisiwa ni doa la mnyama mwingine, na watafiti wangeliingiza kwenye kumbukumbu. Kila pikseli ya mwisho ilitakiwa iwe imetoka kwenye fremu iliyopigwa kweli, ikiwa imesogezwa au kuchanganywa na wenzake, basi.

La pili: mandhari na mnyama vitengwe, kila kimoja kipate kundi lake la fremu. Kichuguu na mgunga havitembei, kwa hiyo vinaweza kupewa fremu 101, sekunde mbili nzima. Duma hawezi kupewa hizo.

Kwa mandhari, tulitengeneza kwanza picha ya rejea kwa njia ileile ya thamani ya katikati kwenye fremu 101. Picha hiyo imefifia, lakini kila kitu ndani yake kiko mahali pake, na hilo ndilo tulilolihitaji. Kisha kwa kila fremu halisi tukatafuta ramani ya misogeo: nukta hii ya rejea iko wapi kwenye fremu hii? Ukishaijua ramani, unairudisha fremu mahali pake bila kuchanganya rangi za fremu nyingine. Kiini cha kazi hiyo ni mistari michache:

```python
dis = cv2.DISOpticalFlow_create(cv2.DISOPTICAL_FLOW_PRESET_MEDIUM)
f = dis.calc(rejea, fremu_kijivu, None)
f = cv2.GaussianBlur(f, (0, 0), 10)
safi = cv2.remap(fremu, gridi + f, None, cv2.INTER_LANCZOS4)
```

`gridi` ni ramani ya kila pikseli mahali pake yenyewe, katika namba za `float32`. `rejea` na `fremu_kijivu` ni za kijivu, biti 8. Namba 10 ni ulaini wa ramani kwa pikseli, na haikuchaguliwa kwa kubahatisha: vipande vya hewa vilikuwa na upana wa pikseli 30 hadi 50, kwa hiyo ramani isiruhusiwe kubadilika ndani ya umbali mdogo kuliko huo kwa mbali. Ukiweka 2, ramani itaanza kufuata chenga na alama za mkandamizo wa kamera, na ngozi ya mnyama itaonekana inatambaa. Ukiweka 40, mabonge madogo yatapita bila kuguswa. Tuliongeza pia kikomo: msogeo wowote unaozidi pikseli 10 uhesabiwe kuwa mwendo halisi, na pikseli hiyo iachwe kama ilivyo. Hilo liliokoa nyasi ndefu za mbele zilizokuwa zikipigwa na upepo.

Baada ya mzunguko wa kwanza, fremu zilizonyooshwa zilitengeneza picha mpya ya rejea, safari hii iliyo wazi zaidi, na kazi ikarudiwa mara moja. Mzunguko wa tatu haukubadilisha kitu.

Duma ndiye aliyekuwa mgumu. Rejea ya sekunde mbili haiwezekani kwa kichwa kinachogeuka. Badala yake, kwa kila fremu tulitafuta ramani ya misogeo kwenda kwenye fremu 10 za nyuma na 10 za mbele, tukachukua wastani wa ramani hizo 20, kisha tukaisogeza fremu kuelekea huko. Uzuri wa njia hii uko kwenye ulinganifu wake. Kichwa kikigeuka kwa mwendo wa kasi moja, fremu za nyuma zinasema kilikuwa kushoto na za mbele zinasema kitakuwa kulia kwa kiasi kilekile. Pande mbili zinafutana, na wastani unaonyesha kilipo sasa. Msogeo wa hewa, usiokuwa na mpangilio huo, ndio unaobaki na kuondolewa. Mwendo halisi unapita salama, ili mradi usibadilike ghafla.

Ukibadilika ghafla, njia inavunjika, na hiyo ni sikio la kufukuza nzi tena. Kwa vipigo hivyo vya sikio mhariri alichora maski kwa mkono, na ndani yake fremu halisi zikaachwa bila kutulizwa. Sikio linalocheza kidogo kwa muda mfupi kama huo halimsumbui mtazamaji. Sikio linaloyeyuka humsumbua sana. Kazi hii ilifanyika kwenye kisanduku cha pikseli 600 kwa 500 kinachomzunguka duma, kwa sababu ramani 20 kwa kila fremu kwenye picha nzima ya 4K ni mzigo ambao kompyuta ya mhariri isingeubeba kwa muda uliokuwepo.

La tatu ni kuchanganya rangi mwishoni, baada ya kila kitu kuwa mahali pake. Tulichukua fremu tano zilizonyooshwa na kuzichanganya, tukizipa uzito zaidi zile zilizo kali katika kila sehemu. Hewa hutulia kwa bahati sehemu moja ya picha kwa muda mfupi sana, kisha sehemu nyingine. Wanaastronomia wameitumia bahati hiyo kwa miongo mingi, na mwaka 1978 David Fried alichapisha hesabu ya uwezekano wa kupata picha ya namna hiyo. Fremu tano pia zilipunguza chenga zaidi ya nusu, kwa hiyo tukaweza kuongeza ukali kidogo bila picha kuchakaa.

Matokeo

Kati ya sekunde 38, sekunde 14 ziliingia kwenye filamu. Mstari wa shina la mgunga, uliokuwa na meno ya pikseli 3 hadi 4, ulinyooka hadi chini ya pikseli 1. Duma mwenyewe hakutulia kiasi hicho. Kundi lake la fremu 21 lilikuwa na ushahidi wa fremu nane hivi tu, na ukitazama kwenye skrini kubwa unaona mstari wa mgongo wake ukipumua polepole. Filamu ilipotolewa kwa ukubwa wa 1080, yaani nusu ya pikseli kila upande, hilo lilipungua hadi wachache wakaliona.

Mpaka kati ya tabaka mbili ulileta shida ambayo hatukuitarajia. Mandhari iliyotulia kabisa nyuma ya mnyama anayecheza kidogo ilimfanya duma aonekane amebandikwa. Mhariri aliitatua kwa kurudisha kwenye mandhari robo ya msogeo wa asili. Aliizidisha ramani `f` kwa 0.75 badala ya kuitumia nzima, na picha ikaonekana ya mahali pamoja. Mchana ule ulikuwa na joto, na si vibaya mtazamaji akaliona.

Watafiti hawakupewa video iliyotulizwa. Walipewa fremu chache halisi zisizoguswa, zilizochaguliwa kwa ukali, kila moja ikiwa na namba yake ya fremu, pamoja na picha iliyotulizwa kama mwongozo wa kulinganisha. Walimtambua mama kwa ubavu wake. Watoto hawakutambulika, kwa kuwa walikuwa wadogo mno kwenye picha na manyoya ya utotoni yalikuwa yanafunika madoa.

Kilichofaa na kilichopungua

Uamuzi wa kupanda paani ulifaa kuliko hatua yoyote ya kompyuta. Msogeo wa pikseli 4 kwenye doa la pikseli 7 hadi 10 unatibika, kwa sababu programu ya kutafuta misogeo bado inalitambua doa. Klipu ya dirishani ilikuwa na fremu zilizofifia tangu mwanzo, na tuliipima kwa njia ileile bila kupata hata sekunde moja ya kufaa.

Shata ya 1/100 ndiyo iliyotugharimu. Katika sehemu moja ya mia ya sekunde hewa inapata nafasi ya kusogea, na msogeo huo unachorwa ndani ya fremu kama ukungu ambao hakuna ramani inayoweza kuufungua. Kwa klipu ambayo tayari unajua itatulizwa, 1/500 au 1/1000 ni bora zaidi. Mwanga wa saa saba mchana unaziruhusu kwa urahisi, hasa ukiondoa kichujio cha giza. Mwendo utaonekana mkavu kidogo, lakini kuchanganya fremu tano mwishoni kunarudisha ulaini. Sikubaliani na wanaosema kanuni ya shata isiguswe kamwe. Kanuni hiyo imewekwa kwa hewa iliyotulia.

Namna ya kurekodi nayo ilipunguza matokeo. Kamera ilitumia H.265 ya biti 8, ambayo huokoa nafasi kwa kuhifadhi tofauti kati ya fremu na fremu. Hewa inapochemka, karibu kila pikseli ni tofauti na ya fremu iliyopita, nafasi inaisha, na nyasi zinageuka vipande vya mraba. Programu ya kutafuta misogeo ikaanza kufuata kingo za miraba hiyo. Tulilizunguka hilo kwa kupunguza chenga kwenye nakala ya kijivu inayotumika kutafuta ramani tu, huku picha yenyewe ikiachwa ilivyo. Kamera ileile ilikuwa na chaguo la kuhifadhi kila fremu peke yake kwa biti 10. Lingejaza kadi haraka zaidi, ila kwa sekunde 38 hilo halingekuwa tatizo.

Kutenga mnyama na mandhari kulikuwa sahihi, lakini nina shaka kama fremu 21 zilikuwa idadi bora kwa klipu nzima. Kuna sehemu ambapo mama alikaa bila kugeuza kichwa kwa sekunde tatu au nne, na hapo kundi la fremu 61 lingemtuliza karibu sawa na kichuguu. Kuna sehemu nyingine, alipoanza kusimama, ambapo hata 21 zilikuwa nyingi na bega lilianza kukokota. Idadi inayobadilika ingefaa zaidi: pima kwanza mwendo wa polepole wa mnyama kwenye kila sehemu, kisha chagua kundi refu penye utulivu na fupi penye mwendo. Mhariri ameshaanza kuijaribu kwenye klipu nyingine ya safari ileile, ya korongo aliyesimama mita 200 kutoka njiani. Mpaka sasa tatizo lake ni moja: idadi inapobadilika ghafla, picha inaruka kidogo. Anaibadilisha taratibu, fremu mbili mbili, ndani ya nusu sekunde.